Nipe Mji

Agosti 2019 nilikuwa na mwaka mmoja tu Dodoma, nimehamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam, na jioni zangu zote zilikuwa kwenye simu. Upande wa pili alikuwapo muuguzi mmoja wa Unguja. Tulikutana Juni kwenye harusi baada ya Idi, tukabadilishana namba mbele ya sahani ya pilau, basi. Wiki tatu za mwanzo tuliandikiana kila siku, na kila siku ilikuwa hiyohiyo: "Mambo?" "Poa." "Umekula?" "Nimekula, na wewe?" Nilimpenda, lakini nikiona jina lake kwenye skrini nilikuwa sina la kumwambia. Naye aliniita "kaka".

Jioni moja akaandika neno moja: "Kitendawili."

Nilikaa nalitazama. Tangu niache kukaa mkekani kwa bibi sikuwa nimeambiwa neno hilo na mtu. Nikajibu, "Tega."

Ikaja picha. Kitu cheusi kinachong'aa, kimevikwa wavu mwekundu kama wa kamba za hariri, kimepigwa karibu mno hata pembeni hakuonekani kitu. Nikasema moyo wa kuku. "Umekosa, lakini umekosa vizuri. Nipe mji." Nikampa Kilwa. "Kilwa nimekwenda, nimekula vya kula, nimekunywa vya kunywa. Nimewakuta wanaikwangua kwenye uji. Kungumanga hiyo, na wavu wake ni basibasi. Kesho zamu yako."

Hapo ndipo mchezo ulipoanza, na masharti yake aliyatoa yeye, moja moja, kila nilipokosea. Kila siku mmoja anatuma picha ya kitu kizuri alichokiona kwa macho yake. Ipigwe siku hiyohiyo, ifike kabla ya magharibi. Mwenzake akibahatisha akapatia, yeye ndiye anayeagiza cha kesho. Akishindwa, anatoa mji. Mwenye zamu ya usiku au siku ngumu anaandika "pita", na haulizwi kwa nini. Sharti hilo la mwisho nililiona dogo, kumbe ndilo lililotubeba. Alikuwa akitoka zamu ya usiku hoi, na kama ningemdai picha siku hizo, mchezo ungekuwa deni, na mtu akidaiwa sana huzima simu.

Nilijifunza pia kiasi cha kuficha. Picha yangu ya kwanza ilikuwa machungwa yamepangwa mafungu sokoni. Alijibu kabla sijaweka simu mfukoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Ya pili nilipiga ufa wa ukuta kwa karibu hata mimi mwenyewe ningeusahau, akachoka kubahatisha. Iliyofaa ni ile inayoonyesha nusu, pamoja na neno moja la kumsaidia. Nilituma ukingo wa beseni la mama mmoja anayeuza zabibu nje ya ofisi yetu, matone ya maji juu ya zabibu nyeusi, nikaandika "zinauzwa kwa kilo". Alibahatisha shanga, akabahatisha macho ya samaki, tukaongea saa nzima.

Siku moja nilijikakamua nikamwandikia, "Leo agizo langu: kitu kizuri kuliko vyote Unguja. Wewe." Akanyamaza kidogo. Kisha: "Sura yangu unaijua. Mimi nataka kujua macho yako yanakaa wapi ukiwa peke yako." Lakini kabla ya magharibi ikaja picha ya ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, jua limelala, na juu yake kivuli cha mwanamke mwenye buibui, mkono umeinuliwa kama anayepunga. Sikumwomba sura tena. Kivuli kile nilikitazama usiku ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Sasa, ile siku yenyewe.

Yeye ndiye aliyeagiza: "Nitafutie kitu kikubwa cha Dodoma, kizuri, ambacho mtu wa pwani atakitamani." Nikajua papo hapo kuwa ni mbuyu. Ila ofisini tulikuwa tunafunga hesabu, na saa kumi na moja na nusu nilikuwa bado mezani. Nikaingia mtandaoni, nikapata mbuyu mmoja mzuri ajabu, umetanda, kijani tele, nikakata kona moja ili usifanane na picha ya kuokota, nikautuma.

Hakujibu upesi. Kisha akauliza, "Umeupiga leo?"

"Leo, saa hizi."

"Mbuyu wa Agosti una majani?"

Mikono ikaniganda. "Nimezaliwa Pemba," akaendelea. "Nyuma ya kwetu kuna mbuyu. Kiangazi hupukutisha majani yote, unabaki mtupu kama umeng'olewa ukapandwa mizizi juu, mpaka mvua zije. Huko kwenu mvua ni mpaka Novemba, Desemba. Huo wako umenyeshewa na mvua ipi?"

Niliona haya kweli. Picha ya kuazima isingekuwa kitu kwa mwingine, lakini alichoniomba hakikuwa mti. Aliomba nimtolee dakika kumi za siku yangu nikiangalia kitu kwa ajili yake, nami nikamdanganya kuwa nimetoa. Niliandika, "Nimekosa. Sikuupiga mimi." Sikuongeza sababu.

"Basi nipe mji."

Nikampa Bagamoyo, akakataa. Lamu, akakataa. Tanga, Mikindani, akakataa. "Nipe Dodoma."

"Chukua Dodoma."

"Dodoma nimekwenda. Nimemkuta mtu anaogopa kutoka ofisini. Kesho nenda kwenye mbuyu wa kweli, uupime. Pima ngapi?"

Kesho yake saa kumi nilimkodi bodaboda, tukashika njia ya Kondoa hadi penye mbuyu niliokuwa nikiuona nikipita. Ulikuwa mtupu kabisa, wa kijivu, ganda lake laini na limekunjana kama ngozi ya goti la tembo, na vigingi vya warina asali vimepigiliwa toka chini hadi kwenye panda. Upepo wa Agosti ulijaa vumbi. Nikaukumbatia, mikono nimeinyoosha ncha hadi ncha, nikaweka alama ya chaki penye kidole cha mwisho, nikasogea, nikaukumbatia tena. Watoto watatu wachunga mbuzi walisimama wakahesabu nami kwa sauti. Pima tano, na nusu hivi. Nusu ile sikuwa na hakika nayo, maana nikifika mwisho, chaki ya mwanzo ilikuwa imefutwa na shati langu mwenyewe.

Nilimtumia picha ya matawi matupu juu ya mbingu ya jioni, na picha ya viganja vyangu, vyeupe kwa chaki. Nikamweleza habari ya nusu.

Jibu likaja baada ya magharibi: "Mbuyu haupimwi na mtu mmoja. Anatakiwa wa pili wa kushika pale ulipoanzia." Na chini yake, jina langu. Jina tupu, bila "kaka".

Januari alishuka kwenye basi Dodoma, na dada yake mkubwa kamsindikiza. Nilikuwa nimenunua chaki mpya. Tulipofika pale mbuyuni ulikuwa umefunikwa kijani hata matawi hayaonekani. Aliutazama, akanitazama mimi.

"Huu una majani," akasema.

"Ni Januari."

Akacheka, akavua viatu, akaweka kiganja chake kwenye ganda. "Haya. Mimi nimeshika. Zunguka."

Pima tano na robo.