Akikuanza kwa "mzee", "mama" au "dada", umjibu vipi?

Ujumbe umeingia WhatsApp saa tano za usiku, kutoka namba inayoanza na +44 ambayo huna kwenye simu yako. Picha ya mwenye namba ni ya mtoto aliyevaa sare ya shule. Maneno yenyewe ni haya:

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni Mama Neema, namba yako nimepewa na dada anayekaa jirani na sisi. Tumepata msiba, mdogo wangu amefariki Mbeya. Naomba kujua utaratibu wa mchango unakuwaje."

Anayeshika simu ya jumuiya ya Watanzania ughaibuni hupokea ujumbe wa namna hii mara kwa mara. Nyumbani ungemwona mtu mlangoni, ungesikia sauti yake, ungejua haraka kama ni wa kumwamkia au wa kukuamkia. Huku una maandishi tu, na ukikosea kwenye mstari wa kwanza, mtu aliyefiwa anaona amepokelewa vibaya na watu wa kwao wenyewe. Ndiyo maana inafaa kuusoma ujumbe huo taratibu kabla ya kugusa simu.

Mama Neema amekuita mzee na amekupa shikamoo. Hajui umri wako. Amekuweka juu kwa sababu ana shida, anaomba, na wewe ndiye umeshika utaratibu. Wengi wetu tulio chini ya miaka 40 hushtuka hapo na kujibu, "Usiniite mzee, mimi bado kijana." Jibu hilo linasemwa kwa nia njema, lakini linaiacha shikamoo ikining'inia bila marahaba, na badala ya msiba mazungumzo yanahamia kwenye umri wako. Pokea kwanza: "Marahaba Mama Neema." Ukija kugundua mbele kwamba yeye ni mkubwa kwako sana, kwa mfano akitaja wajukuu, kuna njia ya kurekebisha bila kumwaibisha: "Kumbe mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Shikamoo mama." Atakujibu marahaba, na kuanzia hapo kila mtu yuko mahali pake.

Mzee asiye na shikamoo ni mwingine. "Mzee vipi, uko poa?" ni salamu ya rika moja, hasa kwa vijana wa mjini Tanzania, na hapo ukijibu "Marahaba kijana wangu" umejipandisha mahali ambapo hukuwekwa. Mrudishie hilohilo: "Poa mzee, za kwako?" Neno "mwanangu" lina mtego wa aina hiyo. Likiandikwa na mtu mzima ni mtoto wake anayemsema. Likiandikwa na kijana wa Dar maana yake ni rafiki yangu. Tazama maneno yaliyolizunguka. Palipo na "vipi", "poa" au "niaje", mara nyingi ni rika. Palipo na "samahani kwa usumbufu" na "naomba", ni heshima ya kweli.

Sasa jina. Amejitambulisha kama Mama Neema, na hapo ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa maisha ya huku yametuzoesha kumwita kila mtu kwa jina lake la kwanza. Neema ni mtoto wake, pengine ndiye huyo wa kwenye picha. Ukiandika "Habari Neema" umemwandikia mtoto. Ukiandika "Bi. Neema" umekosea vilevile, ingawa "Bi." ni heshima. Mwite alivyojiita, Mama Neema, hata kama unamzidi umri.

Kosa hilo huweza kugusa hata fedha. Mweka hazina akiandika "Mama Neema" au "Neema" kwenye orodha ya wapokeaji, siku ya kutuma ataona kwenye simu jina jingine kabisa, lile la mwenye namba kwenye usajili wa laini, na atasita asijue kama namba ni sahihi. Kwa hiyo jina la heshima ni la kumwitia, na la kitambulisho unaliomba wazi, ukitoa sababu.

Kwa Wakongo waliotoka Bukavu au Goma ni tofauti tena. Kwao mama na papa huwekwa mbele ya jina la mtu mzima mwenyewe, kwa hiyo Mama Furaha anaweza kuwa ndiye Furaha, na huenda hana mtoto hata mmoja. Msichana wa miaka 25 akiitwa "mama" na Mkongo asidhani ameambiwa amezeeka, ameheshimiwa tu. Na kuna neno "yaya". Kwao ni kaka au dada mkubwa, neno la adabu kabisa. Mkenya au Mtanzania akilisoma anaona mlezi wa watoto anayelipwa mshahara, na ninajua lilivyo rahisi kumuudhi mwanamke aliyesoma na kufanya kazi zake. Ukiandikiwa "Yaya, jambo", mwandishi amekuweka juu yake kidogo kama ndugu mkubwa. Mjibu kama mdogo wako aliyekusalimia vizuri.

Dada nalo lina pande mbili. Mwanaume akikuandikia "Habari dada" unamjibu "Salama kaka", naye mwanamke unamrudishia dada. Linakwenda na kurudi bila kumweka yeyote chini, na kwa mtu usiyemjua umri ndilo salama zaidi. Linaloharibu ni kumjibu "Sawa mdogo wangu" kabla ya kujua nani ni mdogo. Katika nyumba nyingi za Tanzania "dada" pia ndiye msaidizi wa kazi za nyumbani, kwa hiyo likirudiwa peke yake sentensi baada ya sentensi linaanza kusikika kama maagizo. Ukilijua jina, liunganishe: "dada Rehema". Na usiandike kabisa "wewe dada", kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoanza kugombana.

Neno "wewe" lenyewe ni la kuangaliwa kwa yeyote uliyempa heshima. Kitenzi cha Kiswahili tayari kinabeba nafsi, kwa hiyo "wewe" ikiongezwa inasikika kama kidole kilichonyooshwa. "Wewe ulituma lini?" ni kuhoji. "Mama ulituma lini?" ni kuuliza. Ukilazimika kusisitiza ni nani unayemsema, tumia cheo chake mahali pa "wewe".

Na kabla ya kuongeza "wangu" kwenye cheo, angalia anayesoma ni wa wapi. Kijana wa Tanzania akiandika "mzee wangu" amezidisha upole. Mwanamke akimwandikia mwanaume maneno hayohayo, na hasa kwa msomaji wa Kenya, yanaweza kueleweka kuwa ni mume wake. Mwanamke anayemjibu mwanaume asiyemfahamu aache "wangu", aseme mzee au baba tu.

Turudi kwa Mama Neema. Jibu la haraka ambalo wengi wangeliandika ni hili:

"Habari Neema. Pole. Tuma jina la marehemu, namba ya simu ya mpokeaji na tarehe ya mazishi."

Kila linalohitajika limo, na bado linauma. Marahaba haipo. Ameitwa kwa jina la mtoto wake. Pole imetolewa kwa mtu mmoja, wakati msiba ni wa nyumba nzima, na kwa nyumba nzima tunasema poleni. Kisha inakuja "tuma", amri tupu. Yeye aliandika "naomba". Naye ajibiwe kwa "naomba". Likikaa vizuri ni hivi:

"Marahaba Mama Neema. Poleni sana kwa msiba, na Mungu awape subira nyote. Utaratibu wa mchango upo, tutakwenda pamoja. Naomba unitumie jina kamili la marehemu na tarehe ya mazishi. Naomba pia jina la atakayepokea fedha huko Mbeya, kama lilivyosajiliwa kwenye namba yake ya simu, ili zisikwame. Usiku huu pumzikeni, hata ukinitumia kesho asubuhi hatujachelewa. Poleni tena, mama."

Cheo kimetokea mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na inatosha. Ukikiweka kila sentensi kinaanza kuonekana kama cha kuazima. "Tutakwenda pamoja" limewekwa makusudi: nafsi ya "tu-" humtua mtu aliyefiwa mzigo wa kufuatilia peke yake, na inafaa hata katika kukataza. "Tusisahau namba ya simu" ni laini kuliko "usisahau". Nimechagua "Mungu awape subira" kwa kuwa jina Neema halitoshi kukuambia dini ya familia, na maneno hayo yanapokelewa kanisani na msikitini. Akishaonyesha mwenyewe, kwa mfano akitaja ibada ya mazishi au hitima, mfuate.

Kama huwezi kujua mwandishi ni mwanamke au mwanaume, kwa mfano amejitaja "Baraka" au "Furaha" peke yake, lipo neno ndugu. Mtanzania yeyote aliyewahi kuandika barua ya kiserikali analijua, "Ndg." kabla ya jina, na halichagui jinsia. Ubaridi wake hata hivyo upo, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyeanza kwa mama au dada. Yeye amekufungulia mlango wa nyumbani, nawe unamjibu kwa barua ya ofisini. Hapo ni afadhali "Marahaba, karibu sana", usimpe cheo, ukangoja ajitambulishe.

Unapoupeleka msiba huu kwenye kundi la jumuiya, ambako wapo wazee wa miaka 70 na wanafunzi wa miaka 20, salamu moja haiwatoshi wote. "Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za saa hizi" inawafikia wote kwa mstari mmoja. "Za saa hizi" ina kazi yake: kati ya Minneapolis na Dar es Salaam kuna saa 8 wakati wa kiangazi cha Marekani na saa 9 wakati wa baridi, kwa hiyo "habari za asubuhi" yako mwingine anaisoma jua likizama. Na kwenye tangazo andika "Mama Neema amefiwa na mdogo wake huko Mbeya", kwa jina alilojiita. Jina lake la kitambulisho libaki kwa mweka hazina.