Jinsi nilivyoandika emeli ya klemu ya bima ya duka langu la steshenari Moshi

Mimi nina duka la steshenari hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, na usiku wa tarehe 14 Aprili upepo wa masika uling'oa bati mbili mvua ikaingia moja kwa moja kwenye rafu za karatasi. Asubuhi nafungua nakuta rimu zimevimba kama mkate umelowekwa chai, nikakaa kwenye kiti nikashindwa hata kuongea.

Nikaandika emeli harakaharaka kwa kampuni ya bima: "paa limevuja, bidhaa zimeharibika, naomba nilipwe milioni 3 na laki 6." Kabla sijatuma nikampigia dada aliyenikatia hiyo bima, ni broka, akaniambia kaka usitume hiyo. Neno kuvuja ndo baya, maana mkataba wangu unalipa dhoruba ikivunja paa, ila paa lililochakaa likadondosha maji pole pole halilipwi, hilo wanaliita uchakavu na ni juu yako mwenyewe. Akaniuliza kweli limevuja? Nikamwambia hapana bati ziko uani kwa jirani! Basi andika hivo, na upige picha tundu, misumari iliyong'oka na bati zenyewe kabla fundi hajagusa.

Cha pili ni bei. Ile milioni 3.6 nilipiga kwa bei ya kuuzia, kumbe bima ya mali ya dukani inarudisha ulichonunulia, faida haimo. Nikarudi kwenye risiti za EFD za kule ninakonunua mzigo, nikahesabu kimoja kimoja, emeli ikawa hivi:

"Yah: Klemu ya dhoruba, mkataba namba (nikaweka yangu). Usiku wa 14 Aprili, kati ya saa 4 na saa 11, upepo uling'oa bati 2 na mvua ikaingia. Niligundua tarehe 15 saa 1 asubuhi. Zilizoharibika: rimu 180 za A4 kwa 11,000 = 1,980,000. Katoni 12 za madaftari kwa 85,000 = 1,020,000. Jumla 3,000,000. Nimeambatanisha picha 9, risiti za manunuzi, daftari la stoku na makadirio ya fundi. Bidhaa zilizolowa zipo stoo, naomba mkaguzi aje azione."

Hiyo sentensi ya mwisho msiidharau, mke wangu alitaka tuzitupe maana zilishaanza kunuka lakini mkaguzi alipofika siku ya 4 alizihesabu rimu zote 180 kwa mkono, akapanda na ngazi kuangalia kama kuna kutu pale misumari ilipotoka. Zingekuwa jalalani ningehesabiwa nini?

Walikata eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 10, yaani laki 3, nikalipwa 2,700,000. Paa halikuwemo, jengo ni la mwenye nyumba, yale makadirio ya fundi niliyaweka tu yaonyeshe uharibifu, bati kabandika huyo mwenye nyumba.