Kukabidhi kazi bila kuing'ang'ania wala kuitelekeza

Msimamizi mpya ninayemwelekeza alimkabidhi mhasibu msaidizi kazi ya kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, kisha akawa anapita mezani kwake kila mara kuuliza amefika wapi. Nilipomwonya, akaacha kuuliza kabisa, na hilo naliona kuwa kosa lile lile lililobadili nguo.

Tuliketi tukaandika mipaka: tofauti za tarehe, kama hundi ambayo benki haijailipa, msaidizi azishughulikie mwenyewe, malipo yasiyo na hati ayapeleke kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Wakutane akimaliza akaunti ya kwanza, kabla hajagusa ya pili, kwa sababu hapo kosa la utaratibu halijasambaa kwenye akaunti nyingine.

Sehemu iliyomtesa zaidi msimamizi (naye ni mwepesi wa kushika kalamu ya mwenzake) ilikuwa kuuliza kwanza, "Wewe unapendekeza tufanyeje?", kisha kunyamaza. Msaidizi alipoleta malipo yasiyo na hati pamoja na pendekezo lake, tuliruhusu akaunti mbili zilizofuata zikaguliwe kwa pamoja. Angeleta tatizo tupu, tungeendelea kukagua moja moja.