Kumbukumbu ya mradi: bati 40 zimegeuka 52

Jumamosi. Lenta imekauka na fundi anataka kuanza kenchi wiki ijayo. Dukani waliniandikia mabati 40: eneo la nyumba pamoja na vibaraza, mita 10 kwa 9.2, likagawanywa kwa eneo la bati moja, zikapatikana 36, zikaongezwa 4 za kuharibika. Leo nimeirudia hesabu hiyo kwa futi mkononi.

Paa ni mgongo wa tembo. Kutoka kwenye kofia hadi mwisho wa kibaraza ni mita 4.6 kwa mlalo, lakini bati halilali chini. Kenchi zetu zinapanda sentimita 40 kwa kila mita, kwa hiyo mlalo huzidishwa kwa 1.077. Napata mita 4.95, na sentimita 5 za kuchungulia kwenye gata, jumla 5.

Kisha upana. Nimelaza mabati mawili uani kama yatakavyokaa juu. Bati lina sentimita 85, ila likilaliwa na mwenzake linabaki 76. Hapo ndipo 40 zilipokufa: mabati 20 kila upande, mawili mawili kwenda juu, yangefunika urefu wa mita 7.7 tu kati ya 10.

Mita 10 kugawa kwa 0.76 ni 13.2, yaani safu 14. Lakini bati la mwisho halilaliwi na lolote, linabaki na 85 zake zote. Safu 13 zinafika mita 9.97! Nimemwomba fundi apunguze kibaraza cha kila pembeni kutoka sentimita 50 hadi 47. Ujanja huu unaacha sentimita 3 tu, hivyo ukuta uliokwenda upande ungeuharibu. Tumepima kona kwa kona: tofauti ni sentimita 1, inavumilika.

Kwenda juu, mabati mawili ya mita 3 yangelaliana mita nzima, hasara tupu. La mita 3 na la mita 2.4 yanalaliana sentimita 40, na mimi nilitaka angalau 20. Papi moja itapita chini ya maungio hayo.

Jumapili. Papi za futi 12 (mita 3.66), mistari 7 kila upande, kenchi kila mita 1.125. Kila mstari una mita 9.94, kwa hesabu ya haraka mbao 3. Ila maungio lazima yakae juu ya kenchi, na ukianza na mbao nzima pembeni, kila mstari unadai mbao 4. Fundi kanionyesha: anza na kipande cha mita 1.595, fuata mbao mbili za mita 3.375, malizia na 1.595 nyingine. Vipande viwili vya pembeni vinatoka mbao moja, na sentimita 47 zinazobaki zinapigiliwa ubavuni mwa ungio.

Oda: bati 26 za mita 3, 26 za mita 2.4, moja ya akiba kila aina. Papi 42, na 4 za kufidia zilizopinda. Kofia nitapima kenchi zikishasimama.