Ufunguo wa Foklifti

Mwaka 2014 nilikuwa supavaiza wa shifti ya usiku kwenye godauni moja huko Changamwe, Mombasa. Jioni moja dereva wetu wa foklifti aliugua, na kontena za mchele zilikuwa zimekwisha kufika. Nikampigia mzee mmoja aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo. Nikamwambia, "Mzee, njoo upesi, tumekwama." Akaja.

Kufikia saa nne usiku alikuwa amegonga paleti mbili. Ya pili ilimwaga magunia hatua chache kutoka alipokuwa amesimama kibarua. Nilikimbia nikamshusha, na nilipomkaribia nikanusa mnazi.

"Mzee, umelewa?"

"Kijana wangu, mimi niko sawa."

Nilimpokonya ufunguo, na hilo sijalijutia hata siku moja. Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma. Nilimfokea mbele ya vibarua, nikamwambia kazi imeisha, nikamwagiza askari wa geti asimruhusu kuingia tena. Mzee akatoka nje usiku huo, peke yake, amelewa, kando ya barabara ya malori. Asubuhi nilimweleza meneja kwa mdomo tu, na barua ya kumfuta ikaandikwa siku hiyo hiyo.

Mzee alikwenda mahakama ya kazi. Sisi tuliingia na kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, tukidhani kinatosha. Kinasema kwamba mwajiri anaweza kumfuta papo hapo mfanyakazi ambaye, saa za kazi, amelewa hata hawezi au hataki kufanya kazi yake ipasavyo. Lakini kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu yake, na hapo ndipo wakili wa mzee aliponianza. Alitembea jinsi gani? Alizungumzaje? Nani mwingine alimwona? Alipimwa pumzi? Nilimwuliza kama anatumia dawa au ana ugonjwa? Nilichokuwa nacho ni harufu, na harufu inaonyesha kwamba mtu amekunywa. Haionyeshi kwamba ameshindwa kazi. Zile paleti mbili ndizo zingenisaidia, ila sikuwa nimeandika chochote, wala sikumwita mtu wa pili ashuhudie.

Kisha akaja kwenye kifungu cha 41. Hata kosa liwe kubwa kiasi gani, kabla ya kumfuta mtu ni lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, awepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe. Wakili akauliza kikao kilifanyika lini. Meneja wetu akajibu kwamba mzee aliulizwa usiku ule ule. Jaji akainua kichwa, akauliza: kama mnasema alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kazi, alijiteteaje katika hali hiyo?

Swali hilo nimelibeba hadi leo. Nilipohamia kazi nyingine ndilo lililonipa utaratibu ninaoufuata. Mtu akionekana amelewa namwondoa kwenye mashine kwanza, bila makelele. Namwita mwenzangu, tunamwangalia wote wawili, namwuliza kuhusu ugonjwa na dawa, na tunaandika saa na tuliyoyaona: macho, maneno, miguu, kazi iliyoharibika. Kipima pumzi kikiwepo, na sheria za kampuni alizozitia sahihi zikiruhusu, anapimwa. Kwa bangi siutegemei mkojo peke yake, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kuonyesha alichovuta siku kadhaa nyuma, wala hakisemi kama amelewa saa hii. Anapelekwa nyumbani kwa gari na mtu wa kumfikisha. Barua ya kumtaka ajieleze anapewa akiwa timamu, anapata siku za kujiandaa, na kikao kinaongozwa na mtu ambaye hakuwepo usiku ule.

Mahakama ilikubali kwamba huenda mzee alikunywa, lakini ikasema kufutwa kwake hakukufuata haki. Alilipwa mishahara ya miezi mitatu.

Kabla ya hukumu mzee naye alitoa ushahidi. Alisema siku ile alikuwa mazishini kwa shemeji yake, mapumziko yake halali, amekunywa mnazi tangu adhuhuri. Simu ilipolia alijaribu kusema leo siwezi, supavaiza akamkata kauli: njoo upesi. Akaogopa kukataa.

Meneja aligeuka akanitazama. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mzee jambo hilo tangu usiku ule, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu.