Shoga yangu baada ya eda

Kikundi cha WhatsApp cha msiba wa mume wa shoga yangu hakijafutwa. Ujumbe wa mwisho wenye maana ni wa mweka hazina, akitoa hesabu ya mchele, maturubai na viti vya kukodi, pamoja na salio alilokabidhiwa mfiwa. Chini yake kuna salamu za Ijumaa, tangazo la vitenge, na majina ya waliojitoa mmoja mmoja. Silalamiki. Kikundi kilifunguliwa kwa ajili ya kuzika, na kuzika tulizika vizuri.

Leo naandika kuhusu kipindi ambacho hakina kamati. Shoga mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Hapa kwetu Ujiji, mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi 4 na siku 10, kwa kuhesabu miezi ya kuandama. Hapaki hina, hajitii manukato, hatoki bila haja. Wengi wanaiona kama kifungo. Mimi niliyekuwa naingia na kutoka mle ndani niliona kwamba eda inawapa watu sababu ya kuja. Shangazi yake alikuwa analala pale, jirani analeta chungu cha mchuzi, mashemeji wanapita jioni kujulia hali. Siku ya kutoka eda aliogeshwa, akavaa nguo mpya, ikasomwa dua na pilau ikaliwa. Wiki iliyofuata shangazi akapanda basi kurudi Kasulu. Kwa mtaa, mambo yamekwisha. Kwake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, maana sasa ilibidi atoke, aende sokoni, anunue dagaa. Kununua! Mke wa mvuvi, ambaye miaka yote ya ndoa dagaa waliingia kwake kwenye ndoo alfajiri. Nilikuwa naye mwaloni Kibirizi alipouliza bei ya fungu. Akatajiwa, akaitikia vizuri tu, akageuka tukaondoka na mifuko mitupu. Usiku ule nyumba nzima walikula maharage.

Baada ya hapo nikaanza kumwangalia kwa karibu. Kuna siku namkuta mchangamfu, anauza vitumbua vyake, anagombeza watoto kama zamani. Kuna siku namkuta kajifungia, vyombo vya jana viko nje, hapokei simu. Kwa muda nilidhani ni huzuni tu, inakuja inavyotaka. Kumbe ilikuwa na ratiba, na ratiba yenyewe iko angani.

Anayekaa Kigoma anajua. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina cha kuvuta, na wavuvi wanapumzika. Wanashona nyavu, wanatengeneza mashine, wanalala nyumbani. Kwa mke wa mvuvi, siku za giza ni za kulala peke yake, na mwezi ukijaa mume yupo. Kwa hiyo siku za giza shoga yangu anazimudu; kitanda kuwa kitupu usiku wa giza amekizoea tangu aolewe. Inapofika tarehe 13 ya mwezi mwandamo na kuendelea, mbalamwezi inapiga uani, wavuvi wa jirani wanaonekana barazani wakinywa kahawa na wake zao, hapo ndipo anapokatika.

Sikumwambia kwamba nimegundua. Nilibadilisha tu siku zangu za kwenda. Kwenye giza napita nikipata nafasi, hata nisipopita hapungukiwi. Mwezi ukikaribia kujaa nahakikisha nipo, tena jioni, si mchana. Arobaini na hitma mtaa wote unazikumbuka. Hizi siku nyingine ziko ndani ya nyumba ya mtu, na huzijui mpaka umjue aliyefariki alikuwa anaingia mlangoni saa ngapi.

Nikienda siendi kuliwaza. Mwanzoni nilikuwa namtumia ujumbe wa "unaendeleaje", naye anajibu "alhamdulillah", basi. Atajibu nini kingine? Siku hizi naandika, "Nakuja saa kumi, nipitie mchicha au kisamvu?" Hilo linajibika. Nikifika tunafanya kazi iliyopo. Kazi kubwa imekuwa daftari la madeni la marehemu, lenye madoa ya mafuta ya mashine, mwandiko wa kalamu ya risasi, na majina ya utani matupu: Mrefu, Baba Mapacha, yule wa gunia mbili. Kuna jambo nililiona pale ambalo linaniudhi mpaka leo. Waliokuwa wanamdai marehemu walijitokeza kabla matanga hayajaanuliwa, na ni haki yao, deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawiwa. Waliokuwa wanadaiwa na marehemu, kimya. Mjane akipiga simu peke yake anaambiwa "tutaongea, mama." Tukaketi na shemeji yake mkubwa, tukapitia ukurasa kwa ukurasa, tukaweka alama kwa aliyethibitika, shemeji akapiga simu mimi na shoga tumekaa pembeni. Baadhi wamelipa. Mrefu hatujui hata ni nani.

Katikati ya daftari lile ndipo tunapomzungumza mwenyewe. Watu wanaogopa kumtaja marehemu mbele ya mjane wakidhani wanamkumbusha, kana kwamba amesahau. Siku moja nilisoma mstari mmoja nikaiga alivyokuwa akihesabu samaki kwa Kiha kwa mbwembwe, shoga akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia. Niliendelea kuchambua mchele. Alipomaliza, akaniambia nina mawe mawili nimeyapita.

Siyo kila mara napokelewa vizuri. Kuna jioni aliniambia, "Wewe huna kwako?" Nikaaga, nikamwachia mboga mlangoni, nikarudi zamu iliyofuata kama kawaida. Ila nilitaka kujua mpaka wapi ni kawaida, nikamuuliza nesi mmoja ninayemfahamu. Akaniambia nisihesabu machozi, niangalie kama maisha yanasogea: anakula, analala, anaoga, watoto wanaenda shule, biashara inafunguliwa hata kwa kusuasua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linahesabu huzuni kuwa tatizo la kitabibu ikiwa imepita miezi 6, imezidi ile ambayo mila na dini ya mtu zinaitarajia, na inamzuia kuishi. Mtu akianza kusema bora naye angekwenda, akagawa vitu vyake, hapo hakuna kungoja mwezi wala miezi, unamshika mkono mnakwenda hospitali. Yeye hajafika huko. Vitumbua vinauzwa. Tena amepandisha bei.

Sasa Ramadhani inakuja, na ndugu wameshaanza kusema watakuja kufuturu naye siku ya kwanza. Waje, nyumba itajaa, karibu sana. Mimi nimejipangia kumi la kati, maana tarehe 13 hadi 17 za Ramadhani mwezi unakuwa mkubwa, mitumbwi haitoki, na ndizo siku ambazo marehemu alikuwa anafuturu kwake mkekani na wanawe. Nimemwambia nitakuja na watoto wangu siku hizo. Akanitazama kidogo, nadhani ameelewa kwa nini nimezichagua, lakini alichosema ni kwamba uji nisiuguse, wangu huwa mwepesi na pilipili manga naweka kama naionea huruma. Mihogo ya nazi ndiyo niliyopewa.