Nilivyokokotoa ongezeko la watu katikati ya sensa mbili

Rafiki yangu alikuwa anaandaa andiko la mradi, akanitumia swali kwenye simu: "Kaka, kati ya Agosti 2015 na Agosti 2018 Tanzania iliongezeka watu wangapi?" Miaka hiyo haikuwa na sensa. Za karibu ni mbili: ya Agosti 2012, iliyohesabu watu 44,928,923, na ya Agosti 2022, iliyohesabu 61,741,120. Yeye alikuwa ameshachukua kasi iliyotangazwa, asilimia 3.2 kwa mwaka, akaipiga kwenye milioni 44.93 akapata milioni 1.44 kwa mwaka. Mara tatu, milioni 4.3. Alitaka tu nimhakikishie.

Nikamwambia aipitishe njia yake kwenye miaka kumi yote, maana hapo jibu linajulikana. Inatoa milioni 14.4, wakati tofauti ya sensa mbili ni milioni 16.8. Hapo watu milioni 2.4 hawaonekani, idadi ya kujaza mkoa mzima.

Sababu ni kwamba asilimia ndiyo imetulia, watu hawajatulia. Asilimia 3.2 ya mwaka 2012 inapigwa kwenye milioni 44.93, ila ya mwaka 2022 inapigwa kwenye milioni 61.74. Kwa hiyo kasi yenyewe, ukiipima kwa watu kwa mwaka, ilianza karibu milioni 1.44 ikafika karibu milioni 1.98. Kasi inayobadilika kila siku huwezi kuizidisha kwa muda ukamaliza. Inabidi ujumlishe vipande vidogovidogo vya muda, kila kimoja kwa kasi yake, na hiyo ndiyo intigresheni: eneo lililo chini ya grafu ya kasi, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwanza nilitafuta kasi halisi ya asilimia badala ya ile 3.2 iliyofupishwa. Nikagawanya 61.74 kwa 44.93, nikachukua logi asilia ya jibu, nikagawanya kwa 10. Ikatoka 0.0318. Ukihesabu t kwa miaka tangu sensa ya 2012, kasi ya ongezeko ni 0.0318 × 44.93 × e^(0.0318t). Ukiiintigreti, ile 0.0318 ya mbele inajifuta, unabaki na kitu chepesi kabisa cha kuandika kwenye Excel. Agosti 2015 ni t = 3, Agosti 2018 ni t = 6:

```
=44.93*(EXP(0.0318*6)-EXP(0.0318*3))
```

Jibu ni 4.95, yaani karibu milioni 5, si 4.3.

Rafiki yangu haamini kitu kilichotoka kwenye kompyuta, kwa hiyo tulikihakiki kwa karatasi. Kasi ya mwanzo wa kipindi ni milioni 1.57 kwa mwaka, ya mwisho milioni 1.73. Wastani wake ni 1.65, mara miaka mitatu: 4.95. Kwa kipindi kifupi wastani wa ncha mbili unatosha kabisa. Kwa miaka kumi unazidi kidogo, unatoa karibu milioni 17 badala ya 16.8, kwa sababu grafu imebonyea katikati na mstari ulionyooka kati ya ncha zake unapita juu yake.

Halafu akauliza swali zuri zaidi: "Kwa hiyo walizaliwa watoto milioni 5?" Hapana. Kinachotoka ni ongezeko halisi, yaani waliozaliwa na waliohamia, ukitoa waliokufa na waliohama. Waliozaliwa ni wengi kuliko hapo, na kutoka kwenye namba hii pekee huwezi kuwapata. Nilimpa mfano wa kubuni: kitongoji cha wachimbaji kinapokea watu 900 dhahabu ikishamiri, kisha 600 wanaondoka. Sehemu ya pili ya grafu iko chini ya sifuri, kwa hiyo eneo lake linatolewa. Ongezeko halisi ni 300, ingawa safari za kubeba mizigo ni 1,500. Ukipanga maji, unahitaji ile 300 juu ya waliokuwapo tangu awali. Ukipanga usafiri, unahitaji ile 1,500, na hiyo unaipata kwa kujumlisha maeneo yote kama chanya.

Kwenye andiko tuliandika "takriban milioni 4.9 hadi 5", tukaeleza kwamba tumechukulia kasi ya asilimia ilikuwa moja kwa muongo mzima. Desimali zaidi ya hapo ni mapambo tu, kwa kuwa sensa mbili zinakupa wastani wa miaka kumi na hazisemi kama 2016 ilikuwa tofauti na 2020. Baadaye alitaka kutumia fomula hiyohiyo kwa kata ya mjini anakotaka kuchimba kisima. Nilimkatalia. Huko nyumba moja ya wapangaji ikivunjwa kasi inageuka, na namba ya kuaminika iko kwenye daftari la mwenyekiti wa mtaa.